Sura ya Pili Isiyotoka Kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili wa Kuifikisha Rasimu kwa Msimamizi

Katika tasnifu nyingi, Sura ya Pili, yaani mapitio ya kazi tangulizi na mkabala wa nadharia, ni mtego wa aina yake kwa mwanafunzi anayetaka kila kitu kiwe kamili. Sura ya Kwanza ilishapita ndani ya pendekezo la utafiti. Sura ya Tatu ina umbo linalojulikana: eneo, walengwa, sampuli, mbinu za kukusanya data. Mapitio hayana mwisho wake yenyewe. Siku zote kuna makala nyingine ambayo hujaisoma, na siku zote aya ya kwanza inaweza kusemwa vizuri zaidi. Mtu anaweza kufanya kazi kila jioni kwa miezi minne, akachoka kweli, na msimamizi asipate hata ukurasa mmoja.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukue mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kwa Kiswahili kuhusu majina ya biashara mjini Morogoro: maduka, saluni, migahawa, vibanda vya kutuma pesa kwa simu. Sura ya Pili inatakiwa iwe na maneno kama 7,500. Anayo 2,600, na hayo ameyaandika upya mara nyingi kiasi kwamba ana mafaili saba, kuanzia "Sura2" hadi "Sura2_mwisho_kabisa_NEW". Msimamizi hajaona hata moja.

Hatua ya kwanza: jua kama unarekebisha au unapaka rangi

Kabla ya kubadili chochote, pima. Fungua Microsoft Word, nenda `Review`, kisha `Compare`. Weka faili la wiki tatu zilizopita upande wa `Original document` na faili la leo upande wa `Revised document`. Anayetumia Google Docs atakuta `Compare documents` ndani ya `Tools`. Programu itakuonyesha kila kilichobadilika.

Sasa soma mabadiliko hayo ukijiuliza swali moja: je, kuna hoja iliyoongezeka, iliyoondolewa au iliyohamishwa? Kwa mwanafunzi wetu, aya ya kufungua mapitio imepita katika matoleo haya matatu:

"Majina ya biashara yamechunguzwa na watafiti mbalimbali katika mazingira tofauti."

"Watafiti mbalimbali wamejishughulisha na uchunguzi wa majina ya biashara katika mazingira yanayotofautiana."

"Uchunguzi wa majina ya biashara umewavutia wataalamu wengi kutoka mazingira anuwai."

Sentensi ya tatu ina sauti ya kitaalamu kuliko ya kwanza, lakini zote zinasema kitu kilekile, na kitu chenyewe ni kidogo. Msimamizi akizisoma hana la kukubali wala la kukataa. Linganisha na hii:

"Kazi nne zilizopitiwa hapa zimeeleza maana ya majina ya biashara, lakini hata moja haikumuuliza mwenye duka kwa nini alichagua Kiingereza badala ya Kiswahili."

Hii ina mgongo. Msimamizi anaweza kusema: "Si kweli, ipo kazi moja iliyouliza, itafute." Hicho ndicho kipimo cha kutumia kila unapojikuta umerudi kwenye aya ya zamani: baada ya marekebisho haya, je, msomaji ana jambo la kubishania ambalo hakuwa nalo jana? Kama hana, umepaka rangi tu.

Sababu ya mtu kukimbilia rangi ni rahisi kuieleza. Kuchagua neno ni kazi inayoisha kwa dakika tano na inaleta raha ya kumaliza. Kuamua pengo la utafiti ni lipi ni kazi inayotisha, maana hapo unaweza kukosea mbele ya mtu anayejua zaidi yako. Ugumu huu hauna uhusiano na uvivu. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett walitenganisha aina za kutaka ukamilifu: ipo ile ambayo mtu anajiwekea mwenyewe viwango vya juu, na ipo ile ambayo anaamini wengine wanamdai ukamilifu na watamshusha thamani asipoufikia. Sura inayofichwa kwa msimamizi mara nyingi ni ya aina hii ya pili, na haitibiwi kwa kuongeza ubora wa sentensi, kwa sababu kiwango kinachoogopwa kimo kichwani mwa mwandishi. Msimamizi hajakitamka. Njia ya kukijua kiwango chake halisi ni kumwonyesha kitu.

Hatua ya pili: mwandikie msimamizi kabla sura haijaiva

Hatua hii huahirishwa na wengi hadi mwisho. Iweke mwanzoni. Ukimya una tabia ya kukua: ukikaa mwezi mmoja bila kutuma kitu, unaona rasimu ya kawaida inatosha, ukikaa minne, unaona lazima upeleke kitu kizito cha kuhalalisha miezi minne. Kwa hiyo kila wiki inayopita inapandisha kiwango, na kiwango kikipanda sura inachelewa zaidi. Mzunguko huo hukatwa kwa ujumbe mfupi wenye tarehe, kwa mfano:

"Shikamoo Mwalimu. Naomba radhi kwa kukaa kimya kwa muda mrefu. Ninaandika Sura ya Pili na nimefikia karibu theluthi yake. Ninaomba kukutumia rasimu ya kwanza ya sura nzima Ijumaa ya tarehe 28. Lugha na marejeleo yatakuwa bado hayajasafishwa. Ninachoomba kwanza ni maoni yako kuhusu mpangilio na pengo la utafiti. Ninaomba kujua kama utaratibu huu unakufaa."

Radhi imeombwa mara moja tu, bila maelezo ya ugonjwa, kazi na misiba. Hali ya sura imetajwa ilivyo. Tarehe ni moja, siyo "mwishoni mwa mwezi Mungu akijalia". Na aina ya usomaji imeombwa waziwazi. Hilo la mwisho ndilo linalokupunguzia hofu, kwa sababu ukishasema marejeleo hayajasafishwa, huhukumiwi kwayo.

Wapo wasimamizi wanaokataa rasimu mbichi. Akikujibu kwamba anataka sura iliyokamilika tu, mwombe jambo dogo zaidi: ukurasa mmoja wa mpangilio wa sura. Wachache hukataa ukurasa mmoja.

Hatua ya tatu: andika mifupa ya sura kwa sentensi kamili

Chukua karatasi, siyo kompyuta. Kwa kila aya unayotarajia kuwa nayo, andika sentensi moja kamili inayosema aya hiyo inadai nini. Vichwa kama "Dhana ya jina" au "Tafiti za nje ya Tanzania" havitoshi, kwa kuwa kichwa hakidai kitu na kinaficha ukweli kwamba hujaamua.

Sehemu ya mifupa ya mwanafunzi wetu inaweza kusomeka hivi: jina la biashara lina kazi mbili, kutambulisha na kuvutia mteja, na kazi hizo wakati mwingine zinagongana, tafiti za awali zimejikita katika kazi ya kutambulisha, zile zilizogusa kuvutia zimetegemea maoni ya mtafiti mwenyewe bila kumhoji mwenye biashara, kwa hiyo hatujui uchaguzi wa lugha unafanywaje na nani, mahojiano na wamiliki yatajibu swali hilo. Sentensi tano tu, na tayari sura ina mwendo.

Kwa sura ya maneno 7,500, yenye aya za maneno kama 200 hadi 250, utahitaji sentensi 30 hadi 37. Kazi hii huchukua vikao viwili au vitatu. Ukikwama kwenye sentensi fulani kwa zaidi ya dakika kumi, andika swali badala ya dai, uendelee. Mahali pa swali ndipo hasa utakapomuuliza msimamizi baadaye.

Kisha fanya jambo linalouma kidogo: chukua yale maneno 2,600 uliyoyang'arisha na uangalie kila aya inaingia chini ya sentensi gani. Aya isiyo na sentensi yake ihamishie kwenye faili liitwalo "Akiba". Usiifute. Watu wengi hushindwa kukata kwa sababu wanaona jasho lao linapotea. Wakijua maandishi yamehifadhiwa mahali, mkono unakuwa mwepesi. Kwa mfano wetu, tuseme maneno 1,700 yamebaki na 900 yamekwenda akiba, mengi yakiwa ni ufafanuzi mrefu wa dhana ya "jina" ambao msomaji wa shahada ya uzamili hauhitaji.

Hatua ya nne: andika kwenda mbele tu

Sasa hesabu. Yanahitajika maneno 7,500, yapo 1,700, bado 5,800. Tuseme kikao cha dakika 50 cha mtu aliyekwisha kuwa na mifupa kinatoa maneno 350 hadi 400 yasiyosafishwa. Hivyo ni vikao 15 hadi 17. Kwa vikao vitano kwa wiki, ni wiki tatu na siku chache. Ongeza wiki moja ya kuhariri. Hiyo ndiyo tarehe halisi ya kutuma. Kama inaonyesha kwamba tarehe uliyomwandikia msimamizi awali haiwezekani, mwarifu mara moja, usisubiri siku ifike.

Mtu anayefanya kazi na kusoma jioni asijidanganye na ndoto ya Jumamosi nzima ya kuandika. Robert Boice, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza uandishi wa wanataaluma katika miaka ya 1980, aliona kwamba wanaoandika vikao vifupi vya mara kwa mara hutoa kazi nyingi kuliko wanaongoja muda mrefu ulio wazi. Na kwa anayependa ukamilifu kuna sababu ya ziada: siku nzima inampa muda wa kurudi ukurasa wa kwanza.

Kurudi ukurasa wa kwanza ndiko kunakoua sura, basi kuzuie kwa vitendo. Kila sehemu ya sura iwe faili lake, na faili la sehemu iliyokwisha lisifunguliwe hadi wiki ya kuhariri. Unapoanza kikao, usisome ya jana kutoka juu. Soma aya ya mwisho pekee. Ili hilo liwezekane, kila unapomaliza kikao andika chini mstari mmoja unaosema aya inayofuata itaanza na nini, kwa mfano: "Kesho: kazi ya pili ilihoji wateja tu, onyesha hasara yake."

Unapokosa kitu katikati ya sentensi, usikitafute. Weka alama `@@` na maelezo mafupi, uendelee. Mfano: "Utafiti huu ulifanyika katika miji miwili @@mwaka na ukurasa, na ukahusisha majina @@idadi." Alama hii haitumiki popote katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo siku ya kuhariri utabonyeza `Ctrl+F`, uandike `@@`, na zote zitajitokeza. Bila alama hii, kutafuta mwaka wa makala moja hugeuka kuwa saa nzima ya kusoma makala nyingine tatu.

Na hapo ndipo penye tundu kubwa zaidi la sura hii: kusoma. Ukishaanza vikao vya kuandika, funga kusoma. Makala mpya ikikujia, iandike jina lake kwenye orodha ya "Baadaye". Iko hali moja tu ya kuvunja sharti: muhtasari wa makala ukionyesha kwamba mtu amefanya utafiti uleule, kwa walengwa walewale, kwa swali lilelile. Hiyo isome siku hiyohiyo, kwa maana inagusa pengo lako. Nyingine zote zinaongeza idadi ya kazi zilizopitiwa bila kubadili hoja, na sura ya mapitio haipimwi kwa wingi wa majina yaliyotajwa.

Utajuaje kama umeteleza? Andika kila siku, mwisho wa kikao, idadi ya maneno mapya tu. Siku tatu mfululizo zenye maneno chini ya 100 hali ulikaa muda wote maana yake umerudi kupaka rangi, au sentensi ya mifupa ya sehemu hiyo si ya kweli. Rudi kwenye karatasi, uisome kwa sauti. Mara nyingi utagundua kwamba huiamini. Ibadilishe, au igeuze kuwa swali la msimamizi, usonge.

Hatua ya tano: mapito matatu, kisha basi

Kuhariri kunakuwa hakuna mwisho pale mtu anaporekebisha kila kitu kwa wakati mmoja. Anapotengeneza koma, anaona hoja imelegea. Anapokaza hoja, anaharibu koma. Tenganisha kazi hizi kwa siku.

Pito la kwanza ni la hoja. Unganisha mafaili yote, chapisha kwenye karatasi kama unaweza, na soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake, kwa mfuatano. Zinapaswa kusomeka kama muhtasari wa sura. Inapokatika, hamisha au ongeza aya. Usiguse maneno. Saa tatu zinatosha.

Pito la pili ni la `@@`. Zijaze zinazojazika kwa dakika kumi kila moja. Isiyojazika ibaki, lakini igeuze kuwa maelezo ya wazi kwa msimamizi: "Bado ninatafuta chanzo cha takwimu hii." Hapa pana mpaka usiovukwa. Rasimu inaruhusiwa kuwa na sentensi mbovu, aya fupi, marejeleo yenye nukta pasipostahili. Hairuhusiwi kuwa na wazo la mtu lisilotajwa mwenyewe, wala dondoo isiyo na alama za kunukuu. Kasi ya kutuma haihalalishi wizi wa maandishi, na msimamizi akiugundua mara moja, atasoma kila kitu chako kwa shaka.

Pito la tatu ni la lugha na umbo: tahajia, upatanisho wa kisarufi, namba za sehemu, majina katika orodha ya marejeleo yalingane na yaliyomo ndani. Saa nne kwa jumla, siku moja. Mfumo wa marejeleo, uwe APA au mwingine, utausafisha kikamilifu mwishoni mwa tasnifu. Kwa sasa inatosha kila kazi iliyotajwa ipatikane kwenye orodha.

Hakuna pito la nne. Mpe mwenzako wa darasani kazi moja: saa nne usiku ya siku ya kutuma akuulize kama barua pepe imekwenda, na umtumie picha ya skrini. Asiisome sura. Ukimpa aisome, utapata sababu mpya ya kuchelewa.

Hatua ya sita: kutuma

Tuma faili la Word, ili msimamizi aweze kuandika maoni pembeni, na nakala ya PDF kwa atakayesomea kwenye simu. Lipe jina la kueleweka, lenye jina lako, sura na tarehe. Katika barua weka maswali matatu, yasizidi: moja la pengo, moja la mpangilio, moja la mahali unapojua pamelegea. Mwanafunzi wetu angeandika: "Je, madai yangu kwamba wamiliki hawajahojiwa yanatosha kuwa pengo? Je, sehemu ya nadharia ikae kabla au baada ya mapitio? Sehemu ya 2.4 ninaiona nyembamba; je, niipanue au niiunganishe na 2.3?" Msimamizi aliyeulizwa hivi hujibu hoja. Aliyetumiwa faili bila maneno huanza na koma za ukurasa wa kwanza.

Ukishatuma, usilifungue faili hilo. Utaona kosa ndani ya dakika mbili, na utashawishika kutuma "toleo lililorekebishwa". Matoleo mawili yanayofuatana siku moja humfanya msimamizi asijue asome lipi, na mara nyingi anayaweka yote kando. Anza Sura ya Tatu siku inayofuata. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha kwa mistari miwili ya heshima, ukiambatisha faili lilelile.

Maoni yakirudi

Yatakuwa mengi, na kwa mtu wa tabia hii kurasa zilizojaa maoni huonekana kama hukumu. Usiyajibu siku hiyo. Kesho yake yahamishe yote kwenye jedwali la safu tatu: maoni, aina yake (hoja, ushahidi au lugha), na utakachofanya. Ukishayapanga utaona yanayogusa hoja ni machache, pengine matano au sita kati ya arobaini, na mengine ni ya dakika chache kila moja. Anza na ya hoja, kwa kuwa yanaweza kufuta aya ambazo ungepoteza muda kuzisahihisha lugha. Usilokubaliana nalo liandikie sababu kwenye safu ya tatu. Wasimamizi wengi hulipokea vizuri zaidi jibu lenye sababu kuliko kimya. Rudisha sura pamoja na jedwali ndani ya wiki mbili, na usirekebishe kitu ambacho hakikuulizwa.

Kuna wakati tatizo si la mwongozo huu. Kama sentensi za mifupa hazipatikani kabisa hata baada ya majaribio kadhaa, huenda swali lenyewe la utafiti halijakaa sawa; omba kikao cha nusu saa kulijadili, usiendelee kuandika. Na kama kufungua faili kunakuletea mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa usingizi au kukwepa simu za msimamizi kwa wiki nzima, nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni kwako au hospitalini, na umwambie msimamizi kwamba unahitaji muda. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo na kuongeza muda, lakini huombwa kwa maandishi kabla muda wa usajili haujaisha, kwa hiyo uliza ofisi ya masomo ya uzamili mapema.